Chati tatu za mauzo ya wiki: ulipie nini, uache nini

Chukua duka la rejareja mjini Tanga: unga, sukari, mafuta, sabuni, vinywaji na vocha. Mwenye duka anataka kila Jumatatu aone wiki iliyopita ilikwendaje. Mimi ningemshauri asinunue programu yoyote kwa sasa, na nitaeleza kwa nini.

Google Sheets haina malipo, inafunguka kwenye simu, na faili ukiliandaa mapema unaweza kuliandikia hata bando likiwa limekwisha. LibreOffice Calc nayo ni ya bure na haihitaji intaneti kabisa, ila inataka kompyuta, kwa hiyo inamfaa zaidi anayefanya hesabu zake nyumbani usiku. Looker Studio ni bure pia na inasoma moja kwa moja kutoka Sheets. Chati zake zinapendeza, lakini kuipanga ni kazi ya kompyuta na kuitazama kunakula bando. Power BI ndiyo inayowanasa wengi. Kuiweka kwenye kompyuta ya Windows hulipi kitu. Gharama inakuja pale unapotaka ndugu yako aliye mji mwingine aione: leseni ya Pro, tangu Aprili 2025, ni dola 14 kwa mwezi kwa kila mtu, yaani dola 168 kwa mwaka, na kwa kawaida anayetuma na anayetazama wote wanatakiwa wawe nayo. Kwa duka moja, fedha hiyo bora iongeze mzigo.

Basi tuchukue Sheets. Karatasi ya kwanza iite Mauzo. Kila jioni andika mstari mmoja kwa kila kundi la bidhaa: A tarehe, B kundi, C mauzo, D bei uliyonunulia mzigo huo uliouzwa, E sehemu iliyokwenda kwa mkopo. Karatasi ya pili ndiyo dashibodi. Kwenye B1 weka tarehe ya Jumatatu ya wiki unayoitaka, kisha mauzo ya wiki yatatoka hivi:

```
=SUMIFS(Mauzo!C:C, Mauzo!A:A, ">="&B1, Mauzo!A:A, "<"&B1+7)
```

Ukibadilisha C:C kuwa D:D unapata gharama ya mzigo. Toa kwenye mauzo, unabaki na faida ghafi. Ukiweka E:E unapata deni jipya la wateja. Namba hizo tatu, mauzo, faida na deni, ziandike kwa herufi kubwa juu kabisa. Deni lisiachwe, kwa sababu wiki inaweza kuonekana nzuri huku droo ikiwa tupu.

Chini yake weka chati tatu. Ya kwanza ni mstari wa mauzo ya wiki nane zilizokamilika. Wiki inayoendelea usiiingize, maana Jumatano itaonekana kama biashara imeanguka. Angalia pia mhimili wa wima uanze sifuri, la sivyo tofauti ndogo itakutisha bure. Ya pili ni nguzo saba za wastani wa kila siku ya juma, inayokuonyesha siku ya kuwa na mzigo kamili rafuni.

Ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote: nguzo za kulala zinazopanga makundi kwa faida ghafi, kubwa juu. Tuseme umenunua mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa shilingi 140,000 ukauza kilo kwa 3,000. Mauzo ni 150,000, faida 10,000. Wiki hiyohiyo katoni ya sabuni ya 40,000 imetoa mauzo ya 52,000, faida 12,000. Kwenye chati ya mauzo sukari inaifunika sabuni karibu mara tatu. Kwenye chati ya faida sabuni iko juu, tena kwa mtaji mdogo zaidi. Sukari usiiondoe, kwani mteja anayeifuata ndiye anayeondoka na sabuni. Ila ukipata fedha ya ziada, usiifungie kwenye mfuko wa pili wa sukari huku rafu ya sabuni imebaki wazi. Chati ya duara haiwezi kukupa jibu hilo: vipande vikishakaribiana, jicho halijui kipi kikubwa.

Jumla ikitoka ndogo kuliko daftari lako, tazama kwanza safu ya tarehe. Tarehe iliyosomeka kama maandishi huegemea kushoto ya kisanduku, na fomula huiruka kimyakimya. Iandike upya, ihamie kulia, jumla itakaa sawa. Kisha tazama majina ya makundi: "Sabuni" na "Sabuni za kufulia" zitakuwa nguzo mbili. Weka orodha ya kuchagua kwenye safu ya B, ili anayekushikia duka achague badala ya kuandika.