Kutoruhusu bao, kushinda bila kuruhusu bao na jumla ya mabao ya timu

Masoko haya matatu ya kubashiri soka hutokana na makadirio mawili tu: wastani wa mabao ambayo kila timu inatarajiwa kufunga. Chukulia mechi ambayo wenyeji wanatarajiwa kufunga mabao 1.8 na wageni 0.9.

Kanuni ya Poisson hugeuza wastani huo kuwa uwezekano. Uwezekano wa timu kutofunga kabisa ni e^-m, ambapo m ni wastani wake wa mabao na e ni takriban 2.718. Kwa wageni jibu ni 0.407. Wageni wasipofunga, wenyeji hawajaruhusu bao. Hivyo soko la wenyeji kutoruhusu bao lina uwezekano wa asilimia 41. Mabao ya wenyeji wenyewe hayaingii katika hesabu hii.

Kushinda bila kuruhusu bao kunadai pia wenyeji wafunge angalau mara moja. Kinachotenganisha masoko haya mawili ni sare ya 0-0 pekee. Uwezekano wa wenyeji kutofunga ni 0.165, na ukizidishwa kwa 0.407 hupatikana 0.067. Asilimia 41 ukitoa 7 hubaki 34, na odi ya haki, yaani 1 kugawanya kwa uwezekano huo, ni takriban 2.95.

Wengi hukosea hapa kwa kuzidisha uwezekano wa ushindi, ambao katika mechi hii ni asilimia 59, kwa ule wa kutoruhusu bao. Jibu huwa asilimia 24, pungufu mno, kwa sababu matukio hayo huenda pamoja: timu isiyofungwa huhitaji bao moja tu ili ishinde.

Jumla ya mabao ya timu hutumia wastani wa timu hiyo peke yake. Ili wenyeji wazidi 1.5, lazima wafunge mawili au zaidi. Uwezekano wa kukosa kabisa ni 0.165 na wa kupata bao moja ni 0.298, ukiondoa yote mawili kwenye 1 hubaki 0.537, sawa na odi ya 1.86.

Kanuni hii huchukulia kwamba mabao ya timu moja hayaathiri ya nyingine. Mwaka 1997 Dixon na Coles walionyesha kwamba matokeo ya mabao machache huikiuka dhana hiyo, wakapendekeza marekebisho ambayo kwa kawaida huongeza uzito wa 0-0 na 1-1 na kupunguza ule wa 1-0 na 0-1. Uwezekano wa kutoruhusu bao haubadiliki, ila sehemu kubwa zaidi yake huenda kwenye 0-0. Ikiwa sare hiyo itafika asilimia 7.8, ushindi bila kuruhusu bao hushuka hadi 32.9, na odi hupanda hadi 3.04.

Odi za kampuni huwa chini ya hizi. Kutoruhusu bao kukiwekwa 2.30 na kuruhusu 1.57, uwezekano unaodokezwa na odi hizo hujumlika kuwa asilimia 107. Zile 7 za ziada ni faida ya kampuni, na lazima ziondolewe kabla ya kulinganisha odi hizo na makadirio.