Donge la Kooni Katika Siku 21 za Biharamulo

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza jijini Dodoma kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Miaka miwili tu nyuma, mwezi Machi 2023, mkoa huo huo ulikuwa umepambana nao upande wa Bukoba. Mlipuko wa Biharamulo ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa kumi, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa kuwa nao. Wote kumi walifariki.

Nyuma ya hesabu hiyo kulikuwa na watu wengine wengi ambao hawakuugua. Hawa ni waliomhudumia mgonjwa, waliokaa naye karibu au waliogusa mwili wake, na kwa sababu virusi vya Marburg huweza kujificha mwilini kuanzia siku mbili hadi 21 kabla ya dalili kutokea, kila mmoja wao alipaswa kufuatiliwa kwa siku 21 na kupimwa joto. Siku 21 za kujisikiliza mwili ni nyingi. Mtu anayejisikiliza hivyo usiku na mchana hakosi kusikia kitu, na mara nyingi kitu chenyewe hukaa kooni.

Tumchukulie mama mmoja wa mfano, muuza ndizi wa Biharamulo, aliyefika kumjulia hali jirani kabla haijajulikana anaumwa nini. Yuko siku ya tisa. Asubuhi joto lake lilikuwa 36.7, na jioni amekula ndizi na maharage na sahani ikabaki tupu. Saa tano usiku, nyumba ikiwa kimya, anameza mate na kuhisi kitu kimesimama kooni. Anameza tena ili kukishusha, nacho hakishuki. Anameza mara ya tatu, mara ya nne, na sasa koo linakataa kabisa kumeza. Moyo unaenda mbio. Anafungua mdomo kuvuta hewa nyingi, vidole vinaanza kufa ganzi, na anamwita mumewe akiamini kwamba anakabwa na ugonjwa ule ule.

Kiswahili kinalifahamu donge hili tangu zamani. Mtu mwenye uchungu husema donge limemkaba, na aliyezuia machozi msibani anajua jinsi maneno yanavyokwama kabla hayajafika mdomoni. Wahenga hawakukosea kuliita donge, kwani linahisika hivyo hivyo. Lakini daktari akichungulia kooni haoni uvimbe wala kitu kilichokwama. Kilichopo ni misuli iliyokaza.

Mahali koromeo linapoungana na umio, yaani bomba la chakula, pana msuli uliozunguka kama mkanda. Kazi yake ni kubaki umefumba wakati wote na kufunguka kidogo tu tonge linapopita. Hofu inapopanda, mwili humwaga homoni za kujihami, moyo huongeza kasi, mate hukauka, na misuli ya shingo, taya na koo hukaza pamoja. Mkanda ule, ambao hata kwa kawaida umefumba, hufumba zaidi, na mtu huuhisi kama tonge lisiloshuka. Njia ya hewa ni bomba jingine, lililo mbele ya umio. Mama wa mfano wetu anahisi anakabwa, lakini hewa inaingia na kutoka, na ndiyo maana aliweza kupaza sauti na kumwita mumewe kwa sentensi nzima.

Na kule kumeza kulikokataa? Jambo hilo halihitaji hofu ili litokee. Mtu mzima wa afya, aliyetulia kwenye kiti chake, akijaribu kumeza mate mara tano mfululizo bila kunywa chochote, ataona mara ya nne au ya tano inakuwa ngumu, kwa sababu mate yamekwisha na koo halina cha kusukuma. Aliyeingiwa na hofu hufanya jaribio hilo bila kujua, tena mdomo ukiwa umekwisha kauka, kisha hulichukua jibu lake kuwa ushahidi wa ugonjwa. Funda moja la maji hulegeza mambo kuliko kumeza mate mara kumi.

Ganzi ya vidole ina chanzo kingine, nacho kinafahamika kwa yeyote aliyewahi kupuliza moto wa kuni mbichi. Anayepuliza jiko kwa nguvu dakika moja au mbili hunyanyuka na kizunguzungu, macho yakiona nyota. Wengi husema ni moshi, na moshi una lake, lakini sababu kubwa ni pumzi zenyewe. Kwa kupumua haraka na kwa kina, mtu hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko ile mwili wake unayotengeneza. Hewa hiyo huonekana kama taka, lakini damu inaihitaji kwa kiasi chake. Ikipungua ghafla, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa na kichwa kuwa chepesi, na neva huwa nyepesi kushtuka, hivyo vidole na midomo hupata ganzi na misuli huzidi kukaza. Kifua nacho hubana. Mtu akiona hivyo huamini hewa haimtoshi na kuvuta zaidi, na kila anavyozidi kuvuta ndivyo dalili zinavyozidi.

Kama mhudumu wa afya angembana kidoleni kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni, huenda angesoma 97 au 98 katika mia. Oksijeni ipo tele.

Kwa hiyo ushauri ambao kila mtu hutoa kwa nia njema, "Vuta pumzi kubwa, vuta kwa nguvu," ndio unaostahili kuachwa. Huweza kumzidishia dalili anayetakiwa heri. Kinachohitaji kurefushwa ni pumzi inayotoka. Moyo huongeza kasi kidogo kila mtu anapovuta hewa na hupunguza kila anapoitoa, kwa sababu wakati wa kutoa, neva ndefu iitwayo vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi moyoni na tumboni, huufunga moyo breki. Mtoaji wa pumzi ndefu anaikanyaga breki hiyo kwa muda mrefu zaidi.

Turudi kwa mama. Mumewe anamketisha mkekani, mgongo ukiegemea ukuta, mabega yakiachwa yaanguke. Anampa funda la maji ya uvuguvugu. Jambo la kwanza si kuvuta hewa bali kuitoa iliyopo, polepole, kupitia midomo iliyobanwa kidogo kama anayepoza uji wa mtoto kijikoni. Upulizaji wa kupoza uji ndio unaotakiwa, si ule wa kuwasha moto. Kisha anafumba mdomo na kuvuta kwa pua, kimya kimya, akihesabu moja hadi nne. Mkono mmoja uko juu ya kitovu, nao ndio unaopaswa kuinuka. Kifua kikipanda hadi mabega, pumzi imekuwa kubwa mno. Halafu anatoa tena akihesabu hadi sita. Nne na sita ni sekunde kumi, maana yake pumzi sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya 12 na 20.

Pumzi tatu au nne za mwanzo humpa shida. Anahisi hewa ndogo, anataka kupiga miayo, anataka kuacha. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, ilhali kiu hiyo ya hewa ni hewa ya ukaa inayorudi katika kiwango chake. Kama nne na sita ni ndefu kwake, aanze na tatu na nne, mradi ya kutoka iishinde ya kuingia. Anayeshindwa kuhesabu anaweza kutoa pumzi akiwa amefumba mdomo na kuvumisha "mmm" kama abembelezaye mtoto. Mvumo hauwezi kuharakishwa, na midomo ikifumba, meno yakaachana kidogo, taya na koo hulegea.

Ipo namna ya pili, iliyojaribiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023. Mtu huvuta pumzi kwa pua, kabla ya kutoa huongeza mvuto mwingine mfupi juu yake, kisha hutoa yote polepole kwa mdomo. Waliofanya hivyo dakika tano kila siku kwa mwezi mmoja walipata nafuu zaidi ya hisia kuliko waliofanya utulivu wa kuangalia pumzi tu. Ni kule kushusha pumzi ambako mtoto hufanya mwenyewe akimaliza kulia.

Kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi kuachwe. Kunaweza kumdhuru mwenye pumu au ugonjwa wa moyo, na mtu hawezi kuwa na hakika usiku wa manane kwamba ni hofu pekee.

Shambulio la hofu hufika kileleni kwa kawaida ndani ya dakika kumi hivi, kisha huanza kushuka. Koo huchelewa kuliko moyo. Mama anaweza kuendelea kulihisi donge hadi asubuhi, kama mkono uliobeba ndoo unavyobaki mzito baada ya ndoo kutuliwa, na hiyo si dalili kwamba zoezi limeshindwa.

Lakini koo lisipewe jibu moja kwa kila tatizo. Donge la hofu lina tabia yake: huhisika zaidi mtu anapomeza mate, na mara nyingi hupotea anapokula. Mama yule alimaliza sahani ya ndizi. Ambaye ugali unamkwama, kisha uji nao unamkwama, au anayepungua uzito, anayetema damu, mwenye uvimbe shingoni au aliyekwaruzwa sauti zaidi ya wiki tatu, anahitaji kuchunguzwa umio na koo, hata kama ana hofu pia. Midomo ikivimba baada ya kuumwa na nyuki au kunywa dawa, au hewa ikiingia kwa mlio wa kukoroma, ni safari ya hospitali papo hapo, kwani hapo njia ya hewa yenyewe ndiyo inayoziba. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi nayo hayasubiri kuhesabu pumzi.

Na Marburg? Kwa kawaida huanza ghafla kwa homa kali, kichwa kuuma sana na mwili kuchoka kupita kiasi. Koo huweza kuuma, lakini hofu peke yake kwa kawaida haipandishi joto hadi 39. Aliye katika siku zake 21 hutoa taarifa ya kila badiliko kwa anayemfuatilia, na kipimajoto husikilizwa kabla ya hisia zake na za jirani.

Siku ya kumi, asubuhi, mama wa mfano anapimwa tena. Ni 36.6. Anamweleza mhudumu habari ya usiku, naye anamwomba afanye pumzi zile mara mbili kwa siku, dakika tano kila mara, akiwa ametulia na hana donge lolote, kwa sababu hesabu ya nne na sita haifundishiki kwa mara ya kwanza saa tano usiku. Donge linarudi siku ya 13, akiwa njiani kutoka kisimani. Anatua ndoo, anakaa kando ya njia, anaanza kwa kutoa.