"Unaweza?" Kichina Kina Maneno Matatu

Katika mkahawa mmoja mjini Guangzhou, mji wa kusini mwa China ambao wafanyabiashara wa Kariakoo wanaufahamu vizuri, mwenyeji anainua chupa ya baijiu, pombe kali ya nafaka, na kutaka kummiminia mgeni wake. Mgeni anataka kukataa kwa adabu. Angekuwa nyumbani angesema "siwezi kunywa", na kila mtu angemalizia mwenyewe sababu. Kichina hakimpi njia hiyo ya mkato. Kuna "bú huì hē", kuna "bù néng hē", na kuna "bù kěyǐ hē". Zote tatu zinakataa, lakini kila moja inataja sababu yake.

Akisema "Wǒ bú huì hē jiǔ", amesema kwamba kunywa pombe si jambo alilolizoea. Huì (会) ni neno la ujuzi: kile ambacho mtu hazaliwi nacho bali anafundishwa au anajizoeza. Kuogelea, kuendesha gari, kupika na kuzungumza lugha ya kigeni vyote huchukua huì. Unywaji pombe nao Wachina huuweka kwenye kundi hilo. Mwenyeji atalielewa jibu hilo, ila halijaufunga mlango kabisa. Anaweza kubembeleza: onja kidogo tu, utazoea.

Akisema "Wǒ bù néng hē jiǔ", maana yake kuna jambo linalomzuia. Néng (能) huangalia kama hali inaruhusu: nguvu za mwili, afya, muda, mazingira. Mwenyeji atataka kujua kuna nini, na jibu la kawaida ni kwamba mgeni anatumia dawa au atashika usukani baada ya chakula. Sababu hii ya pili ina uzito wa pekee, kwa kuwa tangu mwaka 2011 kuendesha gari ukiwa umelewa ni kosa la jinai nchini China. Mtu huyohuyo huenda ni mnywaji mzuri siku nyingine, kwa sababu néng haisemi lolote kuhusu mazoea yake.

"Bù kěyǐ hē" inaleta sura nyingine kabisa. Kěyǐ (可以) ni neno la ruhusa, na likikanushwa linakuwa katazo. Hivyo ndivyo mzazi anavyomwambia mtoto aliyeisogelea glasi: huruhusiwi. Mtu mzima akijisemea hivyo, mwenyeji atahisi kuna daktari, sheria au mkubwa fulani aliyempiga marufuku.

Na ambaye hanywi kwa sababu ya dini? Huyo hahitaji hata moja kati ya maneno hayo matatu. "Wǒ bù hē jiǔ", yaani "sinywi pombe", inatosha. Hapo hakuna suala la kujua wala kuweza, kwa hiyo hakuna pa kubembelezea.

Wanafunzi wa Kichina wameongezeka Afrika Mashariki tangu Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilipoanzishwa mwaka 2005, na katika somo hili msemaji wa Kiswahili ana bahati kidogo. Lugha yake tayari inatenganisha "hajui kuogelea" na "leo hawezi kuogelea, ana mafua". Sentensi ya kwanza ni "tā bú huì yóuyǒng", ya pili ni "tā jīntiān bù néng yóuyǒng". Kwa hiyo kabla ya kufungua mdomo, ajiulize kama kwa Kiswahili angeweza kuweka "kujua" mahali pa "kuweza". Ikikubali, neno analolitafuta mara nyingi ni huì.

Kipimo hicho kinafika mwisho pale idadi inapoingia. Mtu anayejua kuogelea ni "huì yóuyǒng", lakini ukitaja kwamba anaogelea mita 1,000, lazima useme "néng yóu yì qiān mǐ". Huì inasema tu kwamba ujuzi upo, na néng ndiyo inayopima umefika wapi. Vivyo hivyo kwa mtu aliyevunjika mguu na sasa amepona: Mchina atasema "yòu néng zǒu le", anaweza kutembea tena. Kutembea hakukusahaulika, kilichorudi ni uwezo wa mguu.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri zaidi maneno hayo yanapotanguliwa na hěn, yaani "sana". "Tā hěn néng chī" ni mtu anayekula chakula kingi. "Tā hěn huì chī" ni mtu anayejua kuchagua chakula kizuri na kukifurahia. Ukimsifu mama mkwe wako wa Kichina, chunga usichanganye.

Upande wa ruhusa, kazi ngumu iko kwenye kukanusha. Kuuliza ni rahisi: "Zhèr kěyǐ chōuyān ma?" Inaruhusiwa kuvuta sigara hapa? Kama inaruhusiwa, anayejibu hurudia neno lilelile: "Kěyǐ." Lakini kama hairuhusiwi, mara nyingi utasikia "bù xíng", yaani haifai, au "bù néng", kwa kuwa "bù kěyǐ" ni kali na ina harufu ya amri. Hivyo swali lililoanza kwa kěyǐ linaweza kujibiwa kwa néng, na mwanafunzi asiyejua hilo hubaki akidhani swali lake halikueleweka. Néng hutumika pia katika maombi ya adabu, kama "Wǒ néng jìnlái ma?", naweza kuingia? Katika maswali ya namna hiyo, néng na kěyǐ hukaribiana sana.

Kuna mahali ambapo néng yenyewe hupisha. Mgeni ambaye hajaelewa alichoambiwa hushawishika kusema "bù néng tīngdǒng". Wachina wenyewe husema "tīng bu dǒng": kukanusha kunaingia katikati ya "kusikiliza" na "kuelewa", na maana ya kushindwa tayari imo humo.

Matamshi nayo yana jambo la kuangaliwa. Bù ya kukanusha hupanda na kuwa bú mbele ya huì, kwa sababu huì ina toni ya nne, ile inayoshuka. Mbele ya néng na kěyǐ inabaki bù. Kěyǐ ina toni mbili za tatu zilizofuatana, kwa hiyo ya kwanza hutamkwa ikipanda, kama kéyǐ, ingawa maandishi hayabadiliki.

Mfanyabiashara anayesubiri kontena anahitaji kujua jambo moja zaidi: huì hutumika pia kwa yale yanayotarajiwa kutokea. "Míngtiān huì xiàyǔ" ni "kesho mvua itanyesha". Mvua haijajifunza chochote. "Tā bú huì lái" kwa kawaida humaanisha hatakuja, na "tā bù néng lái" humaanisha kuna kitu kinamzuia. Sasa aulize kuhusu mzigo wake: "Huò míngtiān néng dào ma?" Hapo anauliza kama inawezekana mzigo ufike kesho. Akijibiwa "Néng dào", ameambiwa inawezekana. Akijibiwa "Huì dào de", ameambiwa utafika, na hapo muuzaji amejifunga zaidi kwa kauli yake.