Heshi Inayoviringika: Kutafuta Neno Ndani ya Maandishi Marefu

Kompyuta inapotafuta neno ndani ya maandishi, njia iliyo wazi kuliko zote ni kuliweka neno hilo mwanzoni, kulilinganisha herufi kwa herufi na kilichopo, kisha kulisogeza hatua moja na kuanza upya. Kwa barua ya ukurasa mmoja njia hii inatosha. Lakini pale herufi zinapojirudia sana, kila hatua inaweza kudai ulinganisho mrefu kabla tofauti haijaonekana, na kazi huongezeka kwa urefu wa maandishi mara urefu wa neno.

Mwaka 1987 Richard Karp na Michael Rabin walichapisha njia nyingine. Badala ya kulinganisha herufi, inalinganishwa namba moja inayokokotolewa kutokana na herufi hizo, ambayo huitwa heshi. Neno linalotafutwa hupewa heshi yake mara moja tu. Kisha kipande cha maandishi chenye urefu uleule, yaani dirisha, hupewa heshi yake pia. Heshi zikitofautiana, maneno yanatofautiana bila shaka yoyote, na dirisha husogea mbele.

Njia hii isingekuwa na faida kama heshi ya kila dirisha ingekokotolewa kuanzia mwanzo. Faida inatokana na kwamba madirisha mawili yanayofuatana yanachangia karibu kila kitu: herufi moja inatoka kushoto, nyingine inaingia kulia. Kwa hiyo heshi ya zamani hurekebishwa kwa hesabu chache tu, na gharama hiyo haibadiliki hata neno likiwa na herufi elfu moja. Ndiyo maana inaitwa heshi inayoviringika.

Mfano wa tarakimu unaonyesha utaratibu wote. Inatafutwa 295 ndani ya 71650295, na heshi ni baki linalopatikana baada ya kugawanya kwa 13. Baki la 295 ni 9. Dirisha la kwanza ni 716, na baki lake ni 1. Ili kufikia 165, tarakimu 7 iliyo nafasi ya mamia inaondolewa, kinachobaki kinazidishwa kwa 10, kisha 5 inaongezwa. Kwa kuwa 100 ikigawanywa kwa 13 inaacha baki 9, kuondoa 7 ya mamia ni kutoa 7 × 9, yaani 63. Kutoka 1 inapatikana −62. Ikizidishwa kwa 10 na kuongezwa 5 inakuwa −615, na baki lake lisilo hasi ni 9.

Tisa ndiyo heshi iliyokuwa ikitafutwa, lakini 165 si 295. Huu ndio mgongano: vipande viwili tofauti vyenye heshi moja. Madirisha yanayofuata, 650, 502 na 029, yana heshi 0, 8 na 3, kwa hiyo yanapitwa bila kutazamwa. La mwisho, 295, lina 9 na ndilo lenyewe. Heshi peke yake haiwezi kutenganisha 9 ya kwanza na 9 ya pili. Dirisha lenye heshi iliyolingana ni mtahiniwa tu, na linapaswa kuthibitishwa kwa kulinganisha tarakimu zenyewe: 1 na 2 zinatofautiana papo hapo, hivyo 165 inatupwa.

Uthibitisho huo una mpaka wake. Unaondoa majibu ya uongo, ila hauwezi kurudisha jibu la kweli lililorukwa. Na majibu hurukwa kwa kosa moja linalojirudia sana. Katika lugha za C na Java, alama `%` ikipewa namba hasi hutoa baki hasi. Katika mfano huu, baki la −615 huko ni −4 badala ya 9. Hesabu ikiendelea hivyo hadi mwisho, dirisha la 295 nalo linapata −4, halilingani na 9, na programu inatangaza kwamba namba haimo. Dawa ni mstari mmoja:

```c
h = ((h - a[i] * 9) * 10 + a[i + 3]) % 13;
if (h < 0) h += 13;
```

Kosa la aina hii hugunduliwa wakati wa majaribio kwa kukokotoa heshi ya kila dirisha upya kuanzia mwanzo na kuilinganisha na ile iliyoviringishwa. Zikiachana hata mara moja, urekebishaji ndio wenye hitilafu.

Kigawanyo cha 13 ni cha kufundishia. Katika kazi halisi hutumika namba tasa kubwa, kama 1,000,000,007. Hapo ndipo wengi hushawishika kuacha uthibitisho, wakiona kwamba uwezekano wa mgongano ni mmoja katika bilioni. Makadirio hayo yana ukweli pale dirisha mojamoja linapolinganishwa na neno moja: katika madirisha milioni moja, mgongano mmoja utatarajiwa takriban mara moja katika utafutaji elfu moja. Hali ni tofauti kabisa pale vipande vya maandishi vinapolinganishwa vyenyewe kwa vyenyewe, kwa mfano kutafuta sehemu zilizonakiliwa. Vipande 100,000 vinatengeneza jozi karibu bilioni tano, na kwa kigawanyo hichohicho migongano kama mitano itarajiwe. Namba tasa 2^61 − 1 inapunguza hatari hiyo mara bilioni mbili hivi.

Ukubwa pekee hautoshi dhidi ya mtu anayekusudia kuharibu. Waandishi wengi wa programu huacha hesabu ifurike biti 64, jambo lililo sawa na kugawanya kwa 2^64, kwa sababu ni haraka. Lakini upo mfuatano unaojengwa kwa kuanza na a na kila mara kuongeza kinyume chake: ab, abba, abbabaab. Ukifikia herufi 1,024, mfuatano huo na kinyume chake hupata heshi moja, msingi wowote wa namba witiri ukitumika. Kinga ni kutumia kigawanyo tasa na kuchagua msingi kwa bahati nasibu kila programu inapoanza, ili mshambuliaji asiujue mapema.

Uthibitisho wenyewe kwa kawaida ni rahisi, kwani watahiniwa wa uongo ni wachache na hukataliwa baada ya herufi moja au mbili. Gharama hupanda pale majibu ya kweli yanapokuwa mengi. Kutafuta aaaa ndani ya herufi a milioni moja kunafanya kila dirisha lithibitishwe hadi mwisho, na kazi inarudi kuwa ileile ya njia ya kwanza. Anayehitaji kujua tu kama neno limo anaweza kusimama kwenye jibu la kwanza lililothibitishwa.

Kuna wakati herufi za kulinganisha hazipo karibu. Programu ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, inasawazisha faili zilizo kwenye kompyuta mbili na kutuma sehemu zilizobadilika tu. Heshi nyepesi ya biti 32 inaviringishwa juu ya faili kutafuta vipande ambavyo upande wa pili tayari unavyo. Inapolingana, heshi nzito ya biti 128, isiyoviringika na inayochukua muda zaidi, ndiyo inayokokotolewa kuthibitisha. Mwishoni faili lote lililojengwa upya hupimwa kwa heshi nyingine, na likikosa kulingana, hutumwa tena.