Ombi Moja, Makato Mawili

Abiria analipia tiketi ya basi ya shilingi 45,000 kwa simu. Anabonyeza "Lipa", anasubiri, mara ujumbe unatokea kuwa mtandao umekatika. Pengine ombi halikufika kabisa. Pengine lilifika, pesa zikakatwa, ila jibu likapotelea njiani. Kwa simu yake hali hizo mbili hazitofautiani, na programu nyingi hulituma ombi upya zenyewe.

Ili pesa zisikatwe mara ya pili, programu huambatanisha ufunguo, yaani namba ya bahati nasibu inayolitambulisha ombi:

```
Idempotency-Key: 7f3c-91ab-e042
```

Seva ikiuona ufunguo huo kwa mara ya kwanza, inakata pesa na kuhifadhi jibu. Ukirudi, inatoa jibu lile lile bila kugusa salio.

Hata hivyo watu bado wanakatwa mara mbili, na mara nyingi kosa liko pale ufunguo unapozaliwa. Ukitengenezwa kila kitufe kinapobonyezwa, abiria anayebonyeza tena anatuma ufunguo mpya, na seva inaona mteja mwingine mwenye haki ya kulipa. Ufunguo unatakiwa uzaliwe pamoja na oda ya tiketi, uhifadhiwe, na usibadilike hadi oda hiyo ipate jibu la uhakika.

Kosa la upande wa seva limejificha zaidi. Maombi mawili yenye ufunguo mmoja yanaingia karibu kwa pamoja. La kwanza linatazama kwenye kanzidata, halikuti kitu. Kabla halijaandika chochote, la pili nalo linatazama, nalo halikuti kitu. Yote mawili yanakata 45,000. Hapa kutazama kwanza hakusaidii. Seva iandike ufunguo kabla ya kukata, na kanzidata yenyewe ikatae kupokea ufunguo uleule mara mbili. Ombi la pili litagonga mwamba na kuambiwa lisubiri.

Seva ikizimika baada ya benki kukata, lakini kabla ya jibu kuhifadhiwa, ufunguo unabaki na hali ya "inashughulikiwa". Anayeufuta ili ombi lipite upya anamkata abiria tena. Njia salama ni kuiuliza benki kwanza kama malipo ya oda ile yamepita.

Tena ufunguo una umri. Kampuni ya malipo ya Stripe, katika toleo la kwanza la mfumo wake, inaweza kuufuta ukishatimiza saa 24. Ombi lililokwama kwenye foleni na kurudiwa keshokutwa yake litapokelewa kama jipya.

Malalamiko yakija, fungua kumbukumbu za seva utafute makato yote mawili ya oda hiyo. Yakiwa na funguo mbili tofauti, rekebisha programu ya simu. Yakiwa na ufunguo mmoja, linganisha saa zake: yakitofautiana kwa sehemu ya sekunde, maombi yalipishana kwenye kanzidata, yakitofautiana kwa zaidi ya siku, ufunguo ulikuwa umeshafutwa.