Mbele ya kufungua valizi: wiki ya kwanza ndani ya nyumba ya kulipia

Wandugu, wengi wetu tunaolipia nyumba hapa Bukavu tunafanya kitu kimoja. Bayere akisha kupokea garanti na kutupatia ufunguo, siku ile ile tunabeba vitu, tunafika mangaribi, tunafungua kila kitu, tunatandika matela, tunalala. Wiki ya tatu ngozi inaanza kuwasha, ao tunakuta kona ya gunia la unga imetobolewa. Sasa nani atajua kama mdudu alikuwa mu nyumba ao tulikuja naye sisi? Bayere atasema ni wewe umemleta, na hauna cha kumjibu.

Mimi nilisoma agronomi. Kule shambani, kuona jani lenye tundu hakutoshi, kwa sababu kiwavi anaweza kuwa aliisha kwenda zamani. Unatafuta kama angali anakula leo. Nyumba iko vile vile: karibu kila nyumba ya kulipia iko na alama za wadudu, lakini nyingi ni za zamani. Njo maana mpango wangu ni huu: siku ya kwanza unapiga picha za alama zote kisha unazifuta, na siku sita zinazofuata unaangalia ni zipi zinarudi.

Siku ya kwanza vitu vyote vinabaki vimefungwa, katikati ya chumba kimoja, mbali na kuta. Matela yanabaki ndani ya sashe yake. Chukua torshi na utembee polepole, hata mchana, ukimulika kwa upande, si mbele moja kwa moja: mwanga wa upande njo unaonyesha vumbi, nyayo na uchafu mdogo. Angalia nyuma ya mlango, chini ya dirisha, pale bomba la maji linapoingilia, na pembe za plafo. Kama nyumba ni ya mbao na kuta zimefunikwa na makaratoni, inua pembe za hayo makaratoni. Kunguni wanapenda kujificha pale, pamoja na tundu za misumari na kitanda ambacho lokateri wa zamani aliacha. (Kitanda cha bure, wandugu, mukiogope.)

Mavi ya panya mdogo yanafanana na punje ndogo, karibu nusu ya sentimita. Ya panya mkubwa yanapita sentimita moja. Mapya ni meusi, yanang'aa kidogo na ni laini. Ya zamani yamekauka, yamekuwa kijivu, na ukiyagusa na kijiti yanavunjika. Usiyafagie makavu, kwa sababu lile vumbi linaweza kubeba magonjwa. Changanya kipimo kimoja cha javeli na vipimo tisa vya maji, mwagia, ngoja dakika tano, kisha futa na kitambaa.

Mchwa ni rahisi zaidi. Wanatengeneza barabara ya udongo juu ya ukuta ao nguzo ya mlango. Usiibomoe yote: vunja kipande cha vidole vitatu katikati, piga picha, uiache. Ukikuta wameifunga tena kisha siku mbili tatu, wangali wanafanya kazi. Isipofungwa, usifurahi haraka, wanaweza kuwa wamebadilisha njia. Gonga mbao za karibu na usikilize kama zinalia sawa kitu kitupu ndani.

Mangaribi, nyunyiza jivu jembamba kabisa, lililochekechwa, chini ya kuta: mlangoni pa jiko, karibu na bomba, chini ya tundu la plafo. Upana wa kitabu unatosha. Wengi wanatumia unga, lakini unga ni chakula, utawaita panya na mende ambao pengine hawakuwa na haja na wewe. Asubuhi soma jivu. Mguu wa mbele wa panya unaacha vidole vinne, wa nyuma vitano, na mara nyingine mkia unachora mstari katikati. Fanya hivyo usiku nne ao tano, si mmoja, kwa sababu panya mkubwa anaogopa kitu kipya na anaweza kukizunguka siku kadhaa mbele ya kupita juu yake.

Kwa kunguni, mtego ni wewe mwenyewe. Kunguni anafuata joto la mwili na pumzi ya mtu, kwa hiyo nyumba tupu haiwezi kukuonyesha kitu. Tena anaweza kukaa miezi mingi bila kula, zaidi kwetu penye baridi. Nyumba iliyofungwa miezi miwili haijapona. Lala juu ya mkeka na shuka nyeupe, mbali na ukuta. Kama muko wawili, kila mtu alale mu chumba chake. Amka mara moja karibu na saa kumi za usiku na umulike mishono ya shuka. Asubuhi tafuta vitone vyeusi. Ukivigusa na kitambaa chenye maji vinaacha rangi ya kutu. Usitegemee kuwasha tu: kuna watu ambao ngozi yao haionyeshi kitu, na wengine inaonyesha kisha siku nyingi.

Rafiki yangu alifanya hivyo alipohamia na mdogo wake mu vyumba viwili vya mbao, Kadutu. Siku ya kwanza tulikuta mavi mengi ya panya, karibu yote kijivu, barabara moja ya mchwa mlangoni, na vitone vyeusi nyuma ya karatoni mu chumba kidogo. Mtu angesema nyumba imeharibika, arudishe ufunguo. Barabara ya mchwa haikufungwa wiki yote, na nguzo ilikuwa ngumu. Jivu lilibaki safi usiku mbili. Usiku wa tatu nyayo zilitoka kwenye bomba la jiko, pale tundu lilikuwa linapitisha kidole gumba. Mu chumba kikubwa shuka ilibaki nyeupe. Mu chumba kidogo, asubuhi ya nne, vitone vitano na kunguni mmoja ndani ya mshono.

Basi kazi ikawa ndogo na iko na mahali pake. Tundu la bomba lilizibwa na waya na sima. Sima peke yake ikiwa mbichi panya anaichimba. Makaratoni ya chumba kidogo yalitolewa ndani ya sashe zilizofungwa, yakachomwa nje. Maji yanayochemka yalimwagwa polepole mu nyufa za mbao, na tena kisha siku kumi, mara mbili, kwa sababu mayai yaliyo ndani sana hayapatwi na maji ya kwanza. Zile dawa za shamba zinazouzwa mu vichupa bila karatasi, hapana. Hazikutengenezwa kwa chumba ambamo mtu analala, na kunguni akikimbia harufu anahamia kwa jirani ao mu chumba kizuri.

Siku ya saba walifungua vyombo vya jiko na nguo, kwa chumba kikubwa tu. Matela yalibaki mu sashe mpaka shuka ya chumba kidogo ikae nyeupe wiki mbili mfululizo. Kunguni aliyeshiba anaweza kujificha siku nyingi, kwa hiyo wiki moja safi mu chumba ambamo aliisha kuonekana haitoshi. Picha, zikiwa na tarehe, walimtumia bayere jioni ile ile. Alibisha kuhusu kunguni. Sima na waya akakubali kuvitoa mu malipo ya mwezi uliofuata.