Milimita za Simu na Milimita za Lenzi

Sebule ya nyumba ya kawaida Dar es Salaam, upande wa Tabata au Mbagala, ina urefu wa mita nne hivi. Toa kabati la televisheni na makochi, mpiga picha anabaki na mita tatu za kusimama. Ndugu wanane wa bibi harusi wamejipanga mstari mmoja ukutani, na kila mmoja anachukua nusu mita, jumla mita nne. Mwaka jana kijana aliwapiga kwa simu na wote wakaingia. Mwaka huu amekuja na kamera ya kweli, Canon 2000D iliyotumika, yenye lenzi ndogo ya milimita 50 ambayo wapiga picha wengi humshauri mtu aanze nayo. Anaweka jicho, anawaona watu wawili na bega la wa tatu. Anarudi nyuma hadi mgongo unagusa mlango.

"Mwanangu, mbona unatupiga nusu nusu?" shangazi anauliza.

Kamera ni nzima na lenzi ni nzuri. Tatizo ni kwamba kijana alilinganisha namba mbili zisizo za aina moja. Simu yake inasema kamera kuu ni milimita 26. Lenzi imeandikwa 50. Akaona 50 ni karibu mara mbili ya 26, basi akirudi hatua chache watu wataingia. Hesabu hiyo ingekuwa karibu na ukweli kama milimita hizo zingepimwa kwa njia moja.

Milimita za lenzi ni urefu wa fokasi. Kwa lugha nyepesi, ni umbali kati ya kitovu cha lenzi na sensa inayopokea picha, pale lenzi inapolenga kitu kilicho mbali sana. Urefu ukiwa mkubwa, lenzi inavuta kipande kidogo cha mandhari na kukikuza. Ukiwa mdogo, inaona eneo pana. Lakini lenzi haifanyi kazi peke yake. Inatupa duara la picha nyuma yake, na kamera inahifadhi sehemu tu ya duara hilo, ile inayoangukia kwenye sensa. Kwa hiyo upana wa kile unachokiona unaamuliwa na vitu viwili kwa pamoja: urefu wa fokasi na ukubwa wa sensa.

Sasa chukua picha iliyopigwa kwa kamera kuu ya iPhone 11. Ukiifungua kwenye programu ya picha ya simu yenyewe na kutazama maelezo yake, utasoma 26 mm. Picha hiyo hiyo ukiifungua kwenye Google Photos, utasoma 4.25 mm. Hakuna anayedanganya. Milimita 4.25 ndio urefu halisi wa fokasi wa lenzi ile, na haungeweza kuzidi hapo sana kwa sababu simu nzima haifiki unene wa sentimita moja. Sensa iliyo nyuma yake nayo haifiki milimita 6 kwa upana. Milimita 26 ni namba iliyogeuzwa: inamaanisha kwamba simu hii inaona eneo ambalo lenzi ya milimita 26 ingeliona kwenye sensa kubwa yenye upana wa milimita 36 na kimo cha 24.

Kipimo hicho cha 36 kwa 24 kimetoka kwenye filamu. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz huko Wetzlar, Ujerumani, alichukua filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35 na kuilaza kwenye kamera ndogo ya mkononi. Kamera hiyo, Leica, ilioneshwa Leipzig mwaka 1925. Ikaenea kiasi kwamba vizazi vya wapiga picha vilijifunza kuona kwa milimita zake: 28 ni pana, 50 ni ya kawaida, 85 ni ya sura. Leo kamera yenye sensa ya ukubwa ule inaitwa fulu fremu, na watengenezaji wa simu hugeuza namba zao ziendane nayo ili mnunuzi awe na pa kulinganishia.

Lenzi ya kamera haigeuzwi hivyo. Iliyoandikwa 50 ina urefu halisi wa fokasi wa milimita 50, uifunge kwenye kamera yoyote. Na sensa ya Canon 2000D si ya 36 kwa 24. Ina upana wa milimita 22.3 na kimo cha 14.9, saizi inayoitwa APS-C. Duara la picha ni lile lile, ila sensa inachukua katikati tu na pembeni panapotea.

Kukata huku kila mwenye simu amekufanya. Unapotanua vidole kwenye kioo cha iPhone 11 hadi isomeke 2x, hakuna lenzi iliyosogea ndani. Simu ina lenzi ile ile ya milimita 4.25, ila imechukua katikati ya picha na kuikuza, na sasa unaona kama unatumia milimita 52. Sensa ya APS-C inafanya jambo hilo hilo daima, bila kukuuliza. Tofauti ni kwamba simu inapokropu hivyo inapoteza nukta za picha, wakati Canon ile ina megapikseli zake zote 24 ndani ya eneo lile dogo. Picha haipotezi ukali, inapoteza upana.

Kiasi cha kukata ndicho wapiga picha wanakiita kropu fakta. Kwa kamera za Canon za APS-C ni 1.6. Kwa Nikon, Sony na Fujifilm zenye sensa ya aina hiyo ni 1.5. Kwa Olympus na Panasonic za mfumo wa Micro Four Thirds ni 2. Unazidisha namba ya lenzi kwa namba hiyo, na hapo tu ndipo unapata milimita unayoweza kuilinganisha na ya simu. Lenzi ya kijana ni 50 mara 1.6, yaani 80. Simu yake ni 26. Anachokiona ni karibu sawa na simu ile iliyokuzwa hadi 3x.

Turudi sebuleni tupime. Ukitaka kujua eneo ambalo kamera italiona, gawa upana wa sensa kwa urefu wa fokasi, kisha zidisha kwa umbali uliosimama. Kwa lenzi ya 50 kwenye Canon ile ni 22.3 gawanya kwa 50, sawa na 0.446. Kwa mita tatu, inaona mita 1.34. Ndiyo maana waliingia watu wawili na bega. Ili aone mita nne zote angelazimika kusimama mita tisa kutoka ukutani, yaani awe nje ya nyumba. Simu, kutoka mita tatu zile zile, inaona takriban mita nne.

Angefaulu kwa lenzi gani? Gawa 26 kwa 1.6, unapata milimita 16 na kidogo. Lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera hizi inaanzia 18, na kwa mita tatu inaona mita 3.7. Wa pembeni watakatwa mikono kidogo, lakini mpiga picha akirudi sentimita 25 tu wote wamo. Kwa maoni yangu lenzi hii inadharauliwa bila haki. Vijana wengi huiuza haraka ili wabaki na 50, na harusi zetu nyingi zinaanzia ndani ya vyumba. Kama mtu anataka upana zaidi ya wa simu, Canon wana lenzi ya 10-18 ya kamera za APS-C, ambayo upande wake mpana ni sawa na milimita 16 za fulu fremu.

Hapa kuna mtego. Wapo wanaoamini kwamba lenzi iliyotengenezwa mahsusi kwa sensa ndogo, kwa Canon ni zile za EF-S, namba zake zimeshazidishwa kiwandani. Hapana. Ile 18 ya lenzi ya 18-55 ni milimita 18 halisi, na unaizidisha kwa 1.6 kama nyingine yoyote, ikawa 29. Tofauti ya EF-S ni kwamba duara lake la picha ni dogo, na haifungiki kwenye kamera za fulu fremu kama 6D au 5D.

Lenzi ya 50 ina mahali pake, na mahali hapo ni kwenye sura ya mtu. Simu inajaza kichwa na mabega ukiisimamisha sentimita 60 kutoka kwa bibi harusi. Pua yake iko mbele ya masikio kwa kama sentimita 12, kwa hiyo pua iko kwenye sentimita 60 na masikio kwenye 72. Pua inaonekana kubwa kwa asilimia 20 kuliko ingekuwa kama ingekuwa sawa na masikio. Kwa lenzi ya 50 kwenye Canon, umbo lile lile linajaa ukisimama mita mbili, na tofauti inashuka hadi asilimia 6. Uso unatulia. Wengi husema ni lenzi inayonyoosha sura, lakini kinachofanya kazi ni umbali. Milimita zimekulazimisha tu kurudi nyuma. Ukisimama mita mbili na simu kisha ukakata katikati ya picha, uwiano wa pua na masikio utakuwa ule ule, ila nukta zitabaki chache.

Ukungu wa nyuma nao unafuata hesabu hiyo. Simu ya f/1.8 na lenzi ya f/1.8 zinapitisha mwanga kwa kiwango kimoja, lakini kwa upande wa kufifisha mandhari, unazidisha namba ya f kwa kropu fakta. Ya iPhone 11 ni takriban 6.1, kwa hiyo inafifisha kama f/11 ya fulu fremu. Lenzi ya 50 kwenye Canon ile inafifisha kama f/2.9. Ndiyo sababu simu hutegemea programu kuchora ukungu, na mara nyingi hukosea kwenye nywele na kilemba.

Kabla hujalipia lenzi, fanya hivi. Zidisha namba yake kwa kropu fakta ya kamera yako, kisha gawa jibu kwa milimita za kamera kuu ya simu yako. Jibu lake ndilo la kukuza kwenye simu: 80 gawanya kwa 26 ni kama 3x. Washa simu, ikuze hadi hapo, simama kwenye chumba unachokusudia kupigia picha na uwaangalie watu wako. Wakiingia, nunua. Wasipoingia, mwambie muuzaji akuoneshe lenzi yenye namba ndogo zaidi.